Tipa iliyokwenda kwa 40 na kurudi kwa 60: kwa nini wastani wake si 50

"Mtaalamu, ninamiliki tipa inayobeba kokoto kutoka Lugoba hadi Dar es Salaam, kilomita 120 kila upande. Ripoti ya kifaa cha kufuatilia gari inaonyesha kwamba ikiwa na mzigo inatembea kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, na ikirudi tupu inatembea kwa 60. Wastani wake ni 50, kwa hiyo kilomita 240 zinapaswa kuchukua saa 4 na dakika 48. Dereva ananiandikia saa 5 kila safari, bila kuhesabu kupakia wala kushusha, nami nimeshaanza kumkata posho kwa hizo dakika 12. Kijana wangu wa sekondari anasema nimekosea mimi, ila hawezi kunieleza kwa nini. Nani yuko sahihi?"

Dereva wako yuko sahihi, na kijana wako pia. Ili kulithibitisha hilo hatuhitaji kanuni yoyote, bali kuuhesabu muda wa kila upande peke yake kabla ya kuuchanganya na mwingine. Kilomita 120 kwa mwendo wa 40 kwa saa zinachukua saa 3. Kilomita 120 kwa mwendo wa 60 kwa saa zinachukua saa 2. Jumla ni saa 5, zile zile alizoandika dereva, na kilomita 240 zikigawanywa kwa saa 5 zinatoa 48. Wastani wa mwendokasi wa safari yako nzima ni kilomita 48 kwa saa. (Nikisema mwendokasi sina maana ya yale mabasi ya Dar es Salaam, ingawa na yenyewe yana hesabu yake.)

Wastani wa mwendokasi ni ule mwendo mmoja usiobadilika ambao gari lingeushika toka mwanzo hadi mwisho na kumaliza umbali ule ule kwa muda ule ule. Maana hiyo ikishikwa vizuri, inatupatia kipimo cha kukagua jibu lolote: zidisha wastani uliopewa kwa muda halisi, kisha utazame kama umepata umbali halisi. Ukizidisha 48 kwa saa 5 unapata kilomita 240, yaani barabara yako yenyewe. Ukizidisha 50 kwa saa 5 unapata 250, na hizo kilomita 10 za ziada hazipo popote kati ya Lugoba na Dar es Salaam. Wewe hukuona kasoro hiyo kwa sababu ulianza na 50 na kuitumia kutafuta muda, na muda uliopatikana ukauamini kuliko saa ya dereva.

Kosa lenyewe ni la kawaida na lina sababu yake. Unapoifikiria safari ya kwenda na kurudi, unachokiona akilini ni barabara, na barabara imegawanyika nusu kwa nusu: kilomita 120 za mzigo na kilomita 120 za gari tupu. Kwa kuwa nusu hizo ni sawa, mtu anaona ni haki kila mwendo upewe uzito sawa, na hapo ndipo 50 inapotokea. Lakini mwendokasi unahesabiwa kwa saa, hauhesabiwi kwa kilomita. Tunasema kilomita 40 *kwa saa*, kwa hiyo tunapotafuta wastani wake tunapaswa kuuliza kila mwendo ulidumu saa ngapi, na hapa nusu hazipo tena. Kati ya saa 5 za dereva wako, saa 3 amezitumia akitembea kwa 40 na saa 2 tu akitembea kwa 60. Mwendo wa polepole umepata muda mwingi zaidi, na umeupata kwa sababu ni wa polepole. Ndiyo maana unauvuta wastani kuelekea upande wake, ukashuka kutoka 50 hadi 48.

Kifaa chako cha kufuatilia gari kinaweza kutuonyesha jambo hili waziwazi kuliko maneno yangu. Tuseme kimewekwa kiandike mwendo wa gari kila baada ya dakika moja, na kwa urahisi wa hesabu tuchukulie kwamba gari lilishika 40 bila kubadilika wakati wa kwenda na 60 bila kubadilika wakati wa kurudi. Mwisho wa safari utakuwa na mistari 300, kwa kuwa saa 5 ni dakika 300. Mistari 180 imeandikwa 40 na mistari 120 imeandikwa 60. Jumlisha yote: 180 mara 40 ni 7,200, na 120 mara 60 ni 7,200 vilevile, jumla 14,400. Gawanya kwa mistari 300 na utapata 48.

Sasa fikiria kifaa hicho hicho kimewekwa kiandike mwendo kila baada ya kilomita moja badala ya kila dakika. Mistari itakuwa 240, ambapo 120 imeandikwa 40 na 120 imeandikwa 60, na wastani wa mistari hiyo ni 50 kamili. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, safari ni ile ile, na kifaa hakijadanganya mara zote mbili. Kilichobadilika ni jinsi ya kuuliza. Mara ya kwanza umeuliza, "Katika dakika yoyote ya safari, gari lilikuwa likienda kwa mwendo gani kwa wastani?" Mara ya pili umeuliza, "Katika kilomita yoyote ya barabara, gari lilipita kwa mwendo gani kwa wastani?" Kwa hiyo 50 ni wastani halali kabisa, ila ni wastani wa swali jingine, na swali hilo halina msaada wowote kwa mtu anayetaka kujua safari itachukua muda gani. Ningekushauri umuulize fundi aliyekufungia kifaa hicho kwamba ripoti zake huandikwa kwa muda au kwa umbali, maana watu wengi huzijumlisha ripoti hizo bila kulijua hilo.

Kuna safari ambayo wastani wake ungekuwa 50 kweli. Dereva angetembea kwa 40 kwa muda wa saa mbili na nusu, kisha kwa 60 kwa muda wa saa mbili na nusu nyingine. Angekwenda kilomita 100 katika nusu ya kwanza na kilomita 150 katika nusu ya pili, jumla 250 kwa saa 5. Hesabu yako ingekuwa sahihi, kwa sababu muda ndio uliogawanyika sawa. Lakini hiyo haiwezi kuwa safari ya kwenda na kurudi kwa njia moja, kwa kuwa aliyekwenda kilomita 100 na kurudi 150 atakuwa ameipita Lugoba kwa kilomita 50.

Ikiwa unapenda kuendelea na mazoea yako ya kujumlisha na kugawanya kwa mbili, ipo njia ya kufanya hivyo bila kukosea, nayo ni kuugeuza mwendo juu chini. Badala ya kuuliza gari linakwenda kilomita ngapi kwa saa, uliza linatumia sekunde ngapi kwa kila kilomita. Kwa mwendo wa 40, kilomita moja inachukua sekunde 90. Kwa mwendo wa 60, inachukua sekunde 60. Sasa kilomita za kwenda ni sawa na za kurudi, na tunachohesabu ni kwa kila kilomita, kwa hiyo nusu kwa nusu inakubalika. Jumla ya 90 na 60 ni 150, nusu yake ni sekunde 75 kwa kilomita. Saa moja ina sekunde 3,600, nazo zikigawanywa kwa 75 zinatoa kilomita 48. Wastani unaopatikana kwa kugeuza namba, kuchukua nusu ya jumla, kisha kugeuza tena, wanahisabati huuita wastani wa hamoniki, ila jina hilo halitakuongezea wala kukupunguzia kitu ukishaelewa kwa nini namba ziligeuzwa.

Ukiufanya ugeuzaji huo kwa herufi badala ya namba, *a* ukiwa mwendo wa kwenda na *b* mwendo wa kurudi, unapata kanuni hii:

```
wastani = 2ab / (a + b)
```

Kwa namba zako, 2 mara 40 mara 60 ni 4,800, na ikigawanywa kwa 100 inatoa 48. Angalia kwamba umbali haumo. Kama machimbo yangekuwa kilomita 12 au kilomita 600 kutoka Dar es Salaam, wastani ungebaki 48, mradi miendo ni 40 na 60 na pande mbili zinalingana. Tena kubadilisha upande wa kuanzia hakubadilishi jibu: tipa linalolala Dar es Salaam na kuanza safari likiwa tupu lina wastani sawa na linalolala Lugoba na kuanza na mzigo.

Kutoka kanuni hiyo unaweza pia kujua utakosea kwa kiasi gani ukitumia nusu ya jumla. Tofauti kati ya nusu ya jumla na wastani halisi ni hii:

```
tofauti = (a - b)^2 / (2(a + b))
```

Kwa 40 na 60, tofauti ya miendo ni 20, kipeo chake cha pili ni 400, na 400 kugawanya kwa 200 ni 2, kama tulivyoona. Kipeo hicho cha pili ndicho kinachofanya kosa hili lijifiche kwa miaka mingi. Gari linalokwenda kwa 48 na kurudi kwa 52 lina tofauti ya 0.08 tu, na hakuna mtu atakayeigundua kwa saa ya mkononi. Gari linalokwenda kwa 20 na kurudi kwa 80, ambalo nusu ya jumla ya miendo yake ni 50 ile ile, lina wastani halisi wa 32, yaani limekosewa kwa kilomita 18 kwa saa. Ndiyo maana mwenye gari dogo la abiria, ambalo miendo yake ya kwenda na kurudi hukaribiana, anaweza kuitumia hesabu yako maisha yake yote asipate hasara, ilhali mwenye tipa anaumia. Mzigo unaitenganisha sana miendo miwili.

Kwa kadiri ya safari zako, dakika 12 si chache. Tipa likifanya safari 25 kwa mwezi, dakika hizo zinafika 300, nazo ni saa 5, sawasawa na safari nzima moja. Ratiba iliyopangwa kwa mwendo wa 50 inatarajia safari 26 katika muda ambao barabara inaruhusu 25, na mwisho wa mwezi safari hiyo inayokosekana lazima atafutwe mtu wa kuibebeshwa. Kwako amebebeshwa dereva.

Nadhani utataka kuuliza: kama ni hivyo, dereva aongeze mwendo kiasi gani anaporudi tupu ili wastani upande? Hapa pana jambo ambalo huwashangaza hata watu waliozoea hesabu. Tuseme ungetaka wastani wa safari nzima uwe 80. Kilomita 240 kwa 80 zinahitaji saa 3. Lakini saa 3 hizo dereva amekwisha kuzitumia zote wakati wa kwenda na mzigo. Akishusha kokoto ya mwisho Dar es Salaam, muda umekwisha, na angelazimika kufika Lugoba papo hapo. Hakuna mwendo wa kurudi, hata wa ndege, utakaompa wastani wa 80. Kwa ujumla, wastani wa kwenda na kurudi hauwezi kufika mara mbili ya mwendo wa upande mmoja, hata upande wa pili ukimbizwe namna gani. Aliyekwenda kwa 40 daima atabaki chini ya 80.

Usione haya kama hilo halikukujia mara moja. Katika miaka ya 1930 mwanasaikolojia Max Wertheimer alimpelekea Albert Einstein fumbo la aina hii: gari kuukuu linapanda kilima umbali wa maili moja kwa mwendo wa maili 15 kwa saa, kisha linashuka maili moja upande wa pili, lishuke kwa mwendo gani ili wastani wa safari nzima uwe maili 30 kwa saa? Wengi hujibu 45 bila kusita. Einstein alimjibu kwamba hadi alipopiga hesabu ndipo alipotambua kuwa hapakubaki muda wowote wa kushuka. Maili mbili kwa mwendo wa 30 zinachukua dakika 4, na kupanda peke yake kumezimaliza zote.

Turudi kwenye barabara yako. Nchini Tanzania gari zito haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na katika maeneo ya makazi yenye alama haliruhusiwi kuzidi 50. Tuseme dereva angeweza kurudi kwa wastani wa 80, jambo ambalo kwa kweli lisingewezekana bila kuvunja sheria mahali fulani, maana huwezi kupata wastani wa 80 bila kupita 80 ikiwa njiani kuna vijiji vya kupunguzia mwendo. Kurudi kungechukua saa moja na nusu, safari nzima saa nne na nusu, na wastani ungekuwa 53.3. Umeongeza kilomita 20 kwa saa upande wa kurudi ili upate nusu saa. Sasa acha upande wa kurudi ubaki 60, na uguse upande wa mzigo. Ukiupandisha kutoka 40 hadi 48 tu, kwenda kutachukua saa mbili na nusu, safari nzima saa nne na nusu, wastani 53.3. Matokeo ni yale yale, ila safari hii umeongeza kilomita 8 kwa saa badala ya 20. Upande wa polepole ndio uliobeba muda mwingi, kwa hiyo ndio wenye muda wa kuokoa.

Tena hizo kilomita 8 huenda zisihitaji kukanyaga mafuta hata kidogo. Ile 40 ya upande wa mzigo ni wastani wa saa 3 zote, na ndani ya saa hizo umo muda ambao magurudumu hayakuzunguka: foleni ya mizani pale Vigwaza, ambako gari lenye mzigo hulazimika kupimwa, na msongamano wa kuingia jijini. Ikiwa katika saa 3 hizo gari linasimama nusu saa kwa jumla, basi likiwa linatembea linakwenda kilomita 120 kwa saa mbili na nusu, yaani 48 tayari. Dereva akiondoka machimboni wakati ambao foleni hizo hazijakusanyika, wastani wa upande wa mzigo utapanda hadi 48 bila mshale wa spidomita kusogea juu ya pale ulipozoea. Ripoti ya dakika kwa dakika ya kifaa chako itakuonyesha jambo hilo moja kwa moja: hesabu mistari iliyoandikwa sifuri. Ningeanza hapo kabla ya kumwambia mtu yeyote akimbize gari.

Kwa kuwa umetaja kukata posho, sina budi kukutahadharisha kuhusu mafuta, kwa sababu kosa hili hili linakusubiri huko. Tuseme tipa likiwa na mzigo linakwenda kilomita 2 kwa lita moja ya dizeli, na likiwa tupu kilomita 3 kwa lita. Mwenye gari atasema wastani ni kilomita 2.5 kwa lita, kwa hiyo kilomita 240 zinahitaji lita 96. Kwenye tangi zitakosekana lita 100: lita 60 za kwenda na lita 40 za kurudi. Wastani halisi ni kilomita 2.4 kwa lita. Lita 4 zinazoonekana zimepotea kila safari hazikunyonywa na mtu kwa mpira usiku. Zimeliwa na nusu ya jumla. Nimewahi kufanya kazi ya kupanga safari mahali ambapo utingo mmoja alifukuzwa kwa upungufu wa namna hii, na jedwali lililomfukuzisha nililitengeneza mimi. Tangu hapo matumizi ya dizeli nayaandika kwa lita kwa kila kilomita 100, kwa sababu yakiandikwa hivyo, na pande mbili zikiwa na umbali sawa, unaweza kujumlisha na kugawanya kwa mbili bila wasiwasi: 50 na 33.3, nusu ya jumla 41.7, na kwa kilomita 240 unapata lita 100 zako.

Kwenye kompyuta kosa hilo huingia kwa wepisi zaidi, kwa sababu programu ya majedwali haikuulizi namba zako ni za nini. Ikiwa safu ya A ina umbali wa kila kipande cha safari, safu ya B ina mwendokasi na safu ya C ina muda kwa saa, ziko njia tatu za kuuliza wastani:

```
=AVERAGE(B2:B3)
=HARMEAN(B2:B3)
=SUM(A2:A3)/SUM(C2:C3)
```

Ya kwanza inakupa 50. Ya pili inakupa 48, kwa kuwa ndiyo ile ya kugeuza namba. Ya tatu inakupa 48 pia, na hiyo ndiyo ninayokuomba uitumie siku zote, kwa sababu ya pili ni sahihi pale tu vipande vyote vinapokuwa na umbali sawa. Jaribu kuongeza mstari wa saa moja ya kupakia, ambao umbali wake ni 0 na mwendo wake ni 0. Ya pili, ukiipanua hadi mstari huo, itakataa kabisa na kukuandikia `#NUM!`, maana haiwezekani kugawanya kwa sifuri. Ya tatu, ukiipanua vivyo hivyo, itaendelea bila shida: kilomita 240 kwa saa 6, wastani 40. Namba hizo mbili, 48 ya barabarani na 40 ya pamoja na kupakia, zote ni za kweli, ila lazima useme unazungumzia ipi kabla hujailinganisha na ya gari jingine.

Jambo la mwisho linahusu njia, kwa kuwa mtu wa Lugoba ana njia mbili za kurudi kutoka Dar es Salaam. Tuseme siku moja dereva anaamua kurudi kwa kupitia Bagamoyo na Msata, na kihesabio cha kilomita kinaonyesha 150 badala ya 120, akitembea kwa 60 ile ile. Pande mbili hazilingani tena, kwa hiyo kanuni ya herufi haifai na tunarudi kwenye jumla ya umbali na jumla ya muda. Kwenda ni saa 3, kurudi ni saa mbili na nusu, jumla saa tano na nusu. Umbali wote ni kilomita 270, na wastani ni 49.1. Umeona kilichotokea: wastani wa mwendokasi umepanda kutoka 48 hadi 49.1, na dereva amechelewa kufika kwa nusu saa. Ameongeza kilomita 30 za mwendo wa kasi kwenye safari, na kilomita hizo zimeupandisha wastani na kuurefusha muda kwa wakati mmoja. Mwenye gari anayempa posho dereva kwa wastani wa mwendokasi atakuwa anamlipa azunguke Bagamoyo.